Kulitaja Neno la Tusi Bila Kulifanya Letu

Utangulizi

Mkazi wa Chiungutwa, katika wilaya ya Masasi, hana haja ya kusafiri mbali ili akutane na majina mengi ya watu. Wamakua na Wayao ni majirani zake wa siku zote. Akielekea Newala ataupanda uwanda wa Makonde, na akitazama kusini upo mto Ruvuma, ambao ng'ambo yake ni Msumbiji, nchi ambamo pia wako Wamakonde, hasa katika uwanda wa Mueda. Mahali penye majirani wengi namna hii, kila watu huwa na jina wanalojiita wenyewe, na mara nyingi huwa na jina jingine walilopachikwa na wengine. Jina hilo la pili ndilo litakalotushughulisha katika makala hii.

Mwanafunzi anayeandika historia ya sehemu hizi hachukui muda mrefu kabla hajalikuta neno "Mawia", ambalo katika vitabu vya Wazungu huandikwa pia "Mavia". Kwa neno hilo waliitwa Wamakonde waliotoka ng'ambo ya Ruvuma. Wao wenyewe hawakujiita hivyo, na walipoitwa hivyo waliona wamedharauliwa. Basi mwanafunzi yuko njia panda. Akiliandika neno kama alivyolikuta, huenda akawa amewatukana babu za mwenzake wa darasani. Akilifuta, amebadilisha ushahidi wa historia. Tunakusudia kuonyesha kwamba iko njia ya tatu, na kwamba njia hiyo haitegemei nia njema peke yake. Inategemea jinsi sentensi inavyojengwa. Msomaji haioni nia iliyo moyoni mwa mwandishi. Anachokiona ni sentensi.

Neno lilivyotokea na njia lililopita

Neno "Mawia" kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni watu wakali au wenye hasira. Si kazi yetu hapa kuichambua asili yake. Yatosha kujua kwamba ni jina lililotoka kwa watu wa nje, na kwamba lilibeba hukumu juu ya tabia ya watu, wala halikuwa jina la nchi wala la ukoo. Mtu aliyeitwa hivyo alikuwa amekwisha kuhukumiwa kabla hajafungua kinywa.

Wataalamu wa Ulaya walilipokea jina hilo na kulitia katika vitabu vyao. Mmoja wao ni Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, aliyetembelea Masasi, Newala na Mahuta katika mwaka 1906, wakati Vita vya Maji Maji vilivyozuka mwaka 1905 vilikuwa bado havijazimika pande zote za kusini. Weule alichora, alipiga picha, na alinasa nyimbo za wenyeji kwa mashine, na katika maandishi yake "Mavia" wanatajwa mbali na Wamakonde, kana kwamba ni kabila jingine kabisa. Baadaye utafiti wa Mreno Jorge Dias na wenzake, uliochapishwa katika majuzuu manne kati ya mwaka 1964 na 1970, uliwataja watu hao kuwa ni Wamakonde wa Msumbiji.

Wakati huohuo neno lilikuwa likitumika katika maisha ya kila siku. Watu wengi walivuka Ruvuma kukimbia kodi na kazi za shuruti za Wareno, wakaajiriwa katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani, na wengine wakafika hadi Tanga na Dar es Salaam. Huko jina lile likawafuata. Makarani waliliandika, wanyapara waliliita, na majirani walilitumia walipogombana. Ni watu hawa hawa ambao ndugu zao walipigwa risasi Mueda tarehe 16 Juni 1960, na ambao wengi wao waliunga mkono FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kupigana hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Watoto na wajukuu wa waliobaki upande huu ni raia wenzetu, na husoma insha zinazoandikwa juu ya wazee wao.

Swali la kwanza: je, neno lenyewe lahitajika?

Kabla ya kutafuta namna ya kulitaja neno la tusi, yatupasa kuuliza kama lina kazi katika sentensi. Kipimo chake ni rahisi. Liondoe neno, weka mahali pake jina ambalo watu wenyewe wanalikubali, kisha soma tena. Kama habari imebaki nzima, neno lilikuwa halina kazi. Kama habari imepotea au imekuwa ya uongo, basi neno lilihitajika.

Tuchukue sentensi mbili. Ya kwanza inasema: "Mawia walikuwa mafundi wa kuchonga mpingo." Tukiweka "Wamakonde waliotoka Msumbiji", hakuna kilichopungua, tena usahihi umeongezeka. Neno halikuwa na kazi pale isipokuwa kuendeleza mazoea. Ya pili inasema: "Katika maandishi ya wakoloni, watu wa kabila moja waligawanywa mara mbili, wengine wakiitwa Makonde na wengine Mavia." Hapa tukilifuta neno, sentensi inakufa, maana habari yenyewe ni juu ya neno. Mtu anayeieleza historia ya ubaguzi hawezi kuificha silaha iliyotumika.

Iko sababu nyingine ya kutolifuta neno kimyakimya, nayo ni ya kweli za historia. Tuseme mwanafunzi amekuta taarifa ya zamani inayotoa idadi ya "Makonde" katika mstari mmoja na ya "Mavia" katika mstari mwingine. Kwa kutaka kuwa mwema, anaandika "Wamakonde" mahali pote. Msomaji wake sasa hawezi kujua ni wangapi walizaliwa uwandani Newala na ni wangapi waliovuka mto. Hata akienda mwenyewe kuitafuta taarifa ile kwa jina la Wamakonde, hatakiona kile mwanafunzi alichokiona. Heshima iliyotafutwa kwa kuharibu ushahidi haiwasaidii wale waliotukanwa, kwa kuwa inafuta pia alama ya kwamba walitengwa.

Swali la pili: neno ni la nani?

Ikiwa neno lahitajika, kazi inayofuata ni kumwonyesha mwenye nalo. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokosea, na kosa lao mara nyingi halitoki katika chuki bali katika sarufi.

Shuleni tunafundishwa usemi halisi na usemi wa taarifa. Usemi halisi huyaleta maneno ya msemaji kama yalivyotoka kinywani mwake. Usemi wa taarifa huyapitisha maneno hayo katika kinywa cha mwandishi. Tofauti hiyo, ambayo katika mitihani huonekana kuwa ni mazoezi ya kubadili nyakati na viwakilishi, huwa na uzito mkubwa pale penye tusi. Tazama sentensi hii ya mfano: "Karani alisema kwamba Mawia wale wapelekwe shamba la mkonge." Nani amewaita "Mawia"? Huenda ni karani. Huenda karani alisema tu "watu wale", na mwandishi ndiye aliyeongeza jina. Usemi wa taarifa umeyachanganya maneno yao wawili, na msomaji ana haki ya kudhani kwamba mwandishi anakubaliana na karani.

Tuijenge upya: "Karani aliamuru Wamakonde waliotoka Msumbiji wapelekwe shamba la mkonge, katika daftari lake aliwaandika 'Mawia'." Sasa kila mtu amebeba mzigo wake. Mwandishi anawaita watu kwa jina lao. Karani anabaki na neno lake, na mahali alipoliandika panajulikana. Kitenzi "aliwaandika" ndicho kilichofanya kazi hiyo. Vitenzi vya namna hii ni vichache na vinafaa kuzoewa: kuita, kuandika, kutaja, kupachika jina. Kitenzi "kutukana" kina nguvu zaidi, kwa kuwa kinatoa hukumu juu ya nia ya msemaji; tusikitumie mpaka tuwe na ushahidi wa nia hiyo.

Kuna mitego mitatu ambayo yafaa kuitaja. Wa kwanza ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Tukiandika "Wamakonde walioitwa Mawia" na kuishia hapo, tusi linaonekana limetoka hewani. Tuongeze tu "na makarani" au "na majirani zao", na mwenye neno atajulikana. Wa pili ni wakati uliopo. "Wanaojulikana kwa jina la Mawia" ni sentensi mbaya kuliko zote, kwa sababu inadai kuwa wote wanawajua hivyo, na kwamba wanawajua hivyo hata leo. "Waliojulikana kwa makarani wa mashamba kwa jina la Mawia" inalifunga neno katika mahali pake na zama zake. Wa tatu ni kiambishi cha ngeli. Mtu akiandika "Wayao, Wamakua na Wamawia" katika mstari mmoja, amelivalisha neno vazi la majina ya kawaida, na msomaji asiyejua atalihesabu kuwa ni jina halali kama mengine. Neno linalotajwa tu libaki kama lilivyokutwa, likiwa peke yake, wala lisipangwe katika safu ya majina ambayo watu wenyewe wameyakubali.

Alama za mtajo na sikio la msikilizaji

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba alama za mtajo zinatosha. Ukilifunga neno kwa alama hizo, basi umejitenga nalo. Ni kweli kwamba zinasaidia, nasi tunazitumia katika makala hii. Lakini zina udhaifu mmoja mkubwa: hazisikiki. Mwalimu akiisoma insha kwa sauti mbele ya darasa, alama zinabaki kwenye karatasi. Msomaji wa habari redioni akiisoma taarifa, msikilizaji aliyekaa barazani hasikii chochote ila neno lenyewe. Katika nchi ambayo habari nyingi hufika kwa masikio, maandishi yanayotegemea alama peke yake ni kama mlango wenye komeo la kuchorwa.

Kwa hiyo tunapendekeza jaribio moja. Mwandishi amalizapo, amsomee mwenzake ambaye haioni karatasi, kisha amuulize: "Ni nani aliyewaita watu hawa hivyo?" Mwenzake akijibu "karani", sentensi imejengwa vema. Akijibu "wewe", au akisitasita, basi alama zilikuwa zikiuficha udhaifu wa sentensi. Dawa yake ni kukiweka kitenzi cha kuita au kuandika kabla ya neno lenyewe, ili sikio lipate onyo mapema.

Kiswahili kina neno jingine la kujitenga, nalo ni "eti". Katika mazungumzo lafaa sana. Lakini "eti" haliishii kumwonyesha mwenye neno; linamdhihaki pia. Mtu akiandika "karani akawaita eti Mawia", amekwisha kutoa hukumu kabla ya kuleta ushahidi. Katika insha ya historia tumwache karani aonekane kwa matendo yake; msomaji ataamua mwenyewe.

Tena, neno likishatajwa mara moja na kuelezwa, halina haja ya kurudiwarudiwa. Tunaweza kusema "neno hilo", "jina lile la daftarini", au "jina walilopachikwa". Mwandishi anayelirudia tusi mara kumi, hata katika alama za mtajo, humzoesha msomaji nalo. Kwa sababu hiyohiyo tusi halifai kuwa kichwa cha habari, maana kichwa husomwa na wengi wasiosoma yaliyo chini yake, na maelezo yote yako huko chini.

Jina la kitabu na kazi ya mfasiri

Kuna mahali ambapo mwandishi hana uhuru wa kuchagua, napo ni katika jina la kitabu au hati. Kitabu ambacho Weule alikitoa mwaka 1908 juu ya safari yake ya Masasi na Newala kinaitwa Negerleben in Ostafrika. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni neno la Kijerumani la kumwita mtu mweusi. Siku zile lilikuwa la kawaida vitabuni mwao. Leo Wajerumani wenyewe wanalihesabu kuwa ni tusi. Alice Werner alipokifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1909, jina lake likawa Native Life in East Africa, yaani neno lile halikuletwa. Lililoletwa ni lile walilotumia watawala wa Kiingereza kwa wenyeji wa makoloni, ambalo nalo baadaye lilikuja kunuka dharau.

Je, mwanafunzi wa Kiswahili afanyeje? Akibadili jina la kitabu, hakuna atakayekipata maktabani. Akilifasiri kwa kuandika "Maisha ya Waafrika", amempamba Weule kwa adabu ambayo hakuionyesha. Akilifasiri kwa tusi kali la Kiswahili, mathalani "Maisha ya Washenzi", amemzidishia ukali ambao si wake, kwa kuwa "mshenzi" lina historia yake nyingine: katika maandishi ya pwani ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, ndilo neno ambalo watu waliojiita waungwana waliwataja kwalo watu wa bara. Kulitia neno hilo katika kinywa cha Mjerumani ni kumsingizia Mjerumani na kumsetiri mtu wa pwani.

Njia iliyo sawa ni kuliandika jina la kitabu mara moja katika lugha yake, kueleza kwa sentensi moja neno lenye tatizo lilikuwa na maana gani kwa aliyeliandika na lina maana gani sasa, na baada ya hapo kusema tu "kitabu cha Weule cha mwaka 1908". Kueleza kwamba neno lilikuwa la kawaida siku zile si kulitetea. Kunamwonyesha msomaji kwamba dharau haikuwa ya mtu mmoja mwenye hasira, bali ilikuwa imekaa katika lugha ya kila siku ya waliotawala. Na hilo ni jambo zito zaidi.

Utani, mahakama na gazeti

Mwandishi wa sehemu zetu hukutana pia na jambo ambalo vitabu vya ugenini havimfundishi, nalo ni utani. Katika msiba mtani aweza kumwita mfiwa jina ambalo likitamkwa na mtu mwingine lingeleta ugomvi. Pale halina uchungu, kwa sababu wote waliopo wanajua ruhusa aliyo nayo na wajibu alio nao wa kusaidia kuzika. Neno hilo likiandikwa katika insha bila maelezo, ruhusa inabaki msibani na tusi linakuja peke yake. Kwa hiyo anayenukuu maneno ya mtani lazima aseme kwamba msemaji ni mtani, kwamba aliyeambiwa alilipokea hivyo, na shughuli ilikuwa gani. Wala mwandishi asidhani kuwa kwa kuwa mtani amelitamka, naye sasa amepewa ruhusa. Utani haurithiwi na kalamu.

Mahakamani hali ni kinyume. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kuwa ni kosa kumtolea mtu lugha ya matusi kwa namna inayoweza kuleta uvunjifu wa amani. Katika kesi ya namna hiyo hakimu hawezi kuridhika na kuambiwa kwamba "maneno mabaya yalisemwa". Yampasa ayajue maneno, kwa kuwa ndiyo kosa lenyewe. Lakini mwandishi wa gazeti aliyeketi nyuma ya chumba hana wajibu huohuo. Yeye aweza kuandika kwamba mshtakiwa anadaiwa kumtukana jirani yake kwa kulidharau kabila lake, na msomaji akaelewa. Hati ya mashtaka inamhitaji neno shahidi na hakimu. Taarifa ya habari inalihitaji pale tu ambapo bila neno hilo msomaji hawezi kuelewa kilichobishaniwa.

Kipimo hicho twaweza kukitazama katika neno "zeruzeru". Kuanzia mwaka 2007 habari za kuuawa kwa watu wenye ualbino zilienea nchini na duniani, na pamoja nazo likaja swali la jinsi ya kuwataja. Wao wenyewe wamechagua kuitwa watu wenye ualbino, na chama chao kilibadilisha jina lake la Kiingereza ili litaje hali badala ya kumtaja mtu kwa hali yake. Sasa tazama: katika mwaka 2010 Salum Khalfani Barwany alichaguliwa kuwa mbunge wa Lindi Mjini, akiwa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi jimboni katika nchi hii. Habari hiyo yaandikika yote, tangu kura hadi kiapo, na neno "zeruzeru" halina mahali ndani yake. Lakini sisi katika aya hii tumelitaja, kwa sababu habari yetu ni juu ya neno lenyewe. Neno ni moja. Kilichotofautiana ni kazi yake katika habari.

Mfano mmoja hadi mwisho

Sasa tuyakusanye yote katika mfano mmoja tuliotunga. Mwanafunzi wa sekondari kutoka Chiungutwa ametumwa na mwalimu wake kuandika habari za wazee waliofanya kazi ya mkonge. Anamwendea mzee jirani, anamwamkia "Shikamoo, babu", na baada ya kukaribishwa anauliza alivyoandikishwa. Mzee anasema: "Mjukuu wangu, baba yangu aliposema ni Mmakonde, karani alicheka. Akasema, wewe ni Mawia tu. Akaandika hivyo. Nasi tukaitwa hivyo mpaka tukaondoka shambani."

Usiku mwanafunzi anaandika hivi: "Mzee huyu ni wa jamii inayojulikana kama Mawia. Baba yake aliajiriwa shambani pamoja na Mawia wengine." Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini tazama lililotendeka. Mzee alisimulia jinsi jina la baba yake lilivyokataliwa, na mwanafunzi amelikataa mara ya pili. Karani ametoweka kabisa, kicheko chake hakipo, na neno lake limekuwa neno la insha. Anayeisoma hawezi kujua kwamba pale palikuwa na ubishi.

Mwalimu anamrudishia daftari na kumwuliza maswali yale mawili: neno lahitajika? Ni la nani? Mwanafunzi anatafakari, anaona kwamba lahitajika, kwa sababu bila hilo kisa cha mzee hakina maana. Na kwamba ni la karani. Kisha anaomba ruhusa ya mzee kulitaja, kwa kuwa kilichosimuliwa barazani kwa mjukuu huenda hakikukusudiwa kusomwa na darasa zima. Mzee anakubali, ila anaomba jina lake lisitajwe. Mwanafunzi anaandika upya:

"Mzee mmoja Mmakonde, ambaye baba yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi ya mkonge, anaeleza kwamba baba yake alipojitaja kuwa Mmakonde, karani wa shamba alicheka na kumwandika 'Mawia'. Jina hilo walipachikwa na watu wa nje, na mzee anasema liliwafuata mpaka walipoondoka shambani. Wamakonde wa pande mbili za mto wana lugha na desturi zinazoshabihiana, lakini daftari lile liliwatenga."

Maneno yameongezeka kidogo tu, na neno lenyewe limetajwa mara moja. Mzee ameitwa kwa jina lake tangu mwanzo, kabla tusi halijafika. Karani yuko pale pamoja na kicheko chake. Ikisomwa kwa sauti, hakuna atakayeuliza ni nani aliyemwita mzee hivyo.

Mipaka ya njia hii

Hatudai kwamba ufundi huu unaondoa maumivu yote. Yako maneno ambayo hata yakitajwa kwa uangalifu humchoma aliyewahi kupigwa nayo, na mwalimu anayejua kwamba mtoto wa jamii iliyotajwa yumo darasani atafanya vema kuzungumza naye kabla, wala asimfanye kuwa mfano mbele ya wenzake. Pengine atamwandikia mwanafunzi neno ubaoni badala ya kulitamka, au ataitoa hati isomwe kimya. Tena maana za maneno hubadilika. Jina ambalo lilikuwa la dharau laweza kuokotwa na wenyewe na kufanywa la fahari, na la kawaida laweza kuharibika. Kwa hiyo hakuna orodha ya maneno itakayotosha kwa siku zote. Wa kuulizwa ni watu wenyewe wanaotajwa.

Lakini karani wa shamba alikuwa na kalamu moja na daftari moja, na aliyoyaandika yamedumu kuliko shamba lenyewe. Mwanafunzi wa Chiungutwa naye ana kalamu. Akiandika "karani alimwandika", neno linarudi kwa mwenyewe. Akiandika "Mawia walikuwa", ameendelea na ukurasa uleule wa daftari.